Ardhi kando ya barabara mpya: kwa nini bei hupanda ilhali mwenyewe hajafanya lolote? (Maswali yanayoulizwa mara kwa mara)

Maelezo haya yanafuata zaidi barabara kuu ya Thika nchini Kenya, inayotoka Nairobi kupitia Roysambu, Githurai, Ruiru na Juja hadi mji wa Thika, mwendo wa takriban kilomita 50. Ilipanuliwa kati ya 2009 na 2012 kwa fedha za serikali ya Kenya, Benki ya Maendeleo ya Afrika na Benki ya Exim ya China. Bei za ploti, kodi na gharama za ujenzi zilizomo kwenye hesabu ni za mfano tu. Zimewekwa ndogo na rahisi ili msomaji aweze kuzirudia mwenyewe kwa takwimu za mtaa wake.

Pango la kiuchumi ni nini?

Ni kile kinachobaki mkononi mwa mwenye kitu baada ya kila aliyefanya kazi na kila aliyetoa mtaji kulipwa kiasi kinachomtosha kuendelea. Fundi akiacha kulipwa, nyumba haitajengwa. Mwenye saruji asipolipwa hataileta. Lakini ardhi ipo pale pale hata mwenyewe asipolipwa shilingi, kwa kuwa haikutengenezwa na mtu na haiwezi kuhama. Kwa hiyo chochote ambacho ardhi inaingiza baada ya gharama hizo zote ni pango la kiuchumi.

Pango hili halifanani na kodi ambayo mpangaji anamlipa mwenye nyumba kila mwezi. Kodi hiyo ina mambo mawili ndani yake: malipo ya jengo (ujenzi, marekebisho, rangi, miezi ambayo chumba hukaa bila mtu) na malipo ya mahali. Sehemu ya mahali peke yake ndiyo tunayoizungumzia. Kinachoonyesha tofauti ni hiki: nyumba mbili zinaweza kuwa na ramani moja, mabati yale yale na fundi yule yule, moja ikiwa Roysambu na nyingine kilomita 30 ndani ya kijiji, na kodi zake zikatofautiana mara tatu. Tofauti hiyo haikujengwa na fundi.

Kama mwenye ardhi hajafanya kitu, thamani hiyo imeundwa na nani?

Imeundwa na wote waliopunguza umbali kati ya ploti ile na mahali penye kazi, soko, hospitali na shule. Kwa barabara ya Thika hao ni walipa ushuru na wakopeshaji waliotoa fedha, wahandisi na vibarua waliomwaga lami, pamoja na jiji la Nairobi lenyewe na waajiri wake. Barabara isiyofika popote haipandishi bei. Lami ya kilomita 50 inayoishia kwenye nyika haina mtu atakayeigombania. Kinachouzwa kando ya barabara ni ukaribu na watu wengine.

Ndiyo maana bei inapanda kwa mtu aliyelima, kwa mtu aliyeacha magugu, na hata kwa mtu anayeishi ng'ambo ambaye hajaiona ploti yake kwa miaka 10. Ploti zao zikiwa na ukubwa, umbo na umbali mmoja kutoka mahali pa kuingilia barabara, hupanda karibu sawa. Laiti bidii ya mwenyewe ingekuwa ndiyo chanzo, aliyelima angepata zaidi.

Barabara inageukaje kuwa fedha kwenye ploti? Nionyesheni hesabu.

Tuchukue ploti ya futi 50 kwa 100 pembezoni mwa Juja, inayotosha vyumba vinane vya kupangisha. Kabla ya barabara kupanuliwa, chumba kinapangishwa kwa shilingi 4,000 kwa mwezi. Vyumba vinane vinaingiza 32,000 kwa mwezi, yaani 384,000 kwa mwaka.

Kuvijenga kunagharimu shilingi milioni 2.4. Anayejenga anahitaji kama asilimia 14 ya fedha hizo kila mwaka ili mtaji wake umlipe, akarabati paa na mabomba, na afidie miezi ya vyumba vitupu. Asilimia 14 ya milioni 2.4 ni 336,000. Tukiitoa kwenye 384,000, zinabaki 48,000. Hilo ndilo pango la mwaka la ploti. Mnunuzi anayetaka ardhi imrudishie asilimia 10 kwa mwaka atakuwa tayari kuilipia 48,000 kugawanya kwa 0.10, ambayo ni shilingi 480,000.

Sasa barabara inafunguliwa. Mpangaji anayefanya kazi Nairobi anaokoa saa moja kwenda na saa moja kurudi. Kwa siku 22 za kazi ni saa 44 kwa mwezi. Akiihesabu saa yake kwa shilingi 100 tu, chumba cha Juja kimemwongezea manufaa ya 4,400 kwa mwezi. Wapangaji wengine wamepiga hesabu hiyo hiyo, nao wanakuja kuulizia vyumba. Tuseme kodi inatulia kwenye 6,000.

Vyumba vinane sasa vinaingiza 48,000 kwa mwezi, au 576,000 kwa mwaka. Jengo bado linahitaji 336,000 zile zile, maana bei ya saruji na ujira wa fundi haviamuliwi na lami iliyopita nje. Zinabaki 240,000 kwa ardhi. Gawanya kwa 0.10 na ploti imekuwa ya shilingi milioni 2.4.

Kodi imepanda kwa nusu tu. Mbona ardhi imepanda mara tano?

Kwa sababu ardhi hulipwa mwisho. Kodi iliongezeka 192,000 kwa mwaka, na katika nyongeza hiyo jengo halikudai chochote, fundi hakudai, wala muuza mabati. Yote ikaangukia kwenye ile sehemu iliyobaki, ambayo ilikuwa ndogo tangu mwanzo. Ukiongeza 192,000 juu ya 48,000 unapata mara tano.

Jambo hili hufafanua mengi yanayowashangaza watu katika soko la ploti. Mahali ambapo ardhi ilikuwa ya bei ya chini kabisa ndipo asilimia za kupanda huwa kubwa kupita kiasi, ingawa nyongeza yenyewe kwa shilingi inaweza kuwa ndogo kuliko ile ya karibu na jiji. Matangazo ya mawakala hupenda asilimia. Wewe uliza shilingi.

Hesabu hii hugeuka pia upande wa pili. Gharama za ujenzi zikipanda kwa asilimia 20 huku kodi ikibaki 6,000, jengo litagharimu milioni 2.88 na litadai 403,200 kwa mwaka. Ardhi itabaki na 172,800, na thamani yake itashuka hadi 1,728,000. Ujenzi umepanda kwa asilimia 20, ardhi imeshuka kwa 28. Aliyenunua kwa mkopo akiwa amepiga hesabu ya milioni 2.4 anaanza kuhangaika hapo, na barabara haijaharibika hata shimo moja.

Je, vyumba ni ghali kando ya barabara kwa sababu ardhi ni ghali?

Hapana, ingawa kila mwenye nyumba husema hivyo. Mambo huenda kinyume: ardhi ni ghali kwa sababu vyumba vinaweza kupangishwa kwa bei hiyo. David Ricardo aliliweka wazi mwaka 1817 akizungumzia mashamba ya nafaka ya Uingereza. Nafaka haikuwa ghali kwa kuwa wakulima walilipia ardhi. Walilipia ardhi kwa kuwa nafaka ilikuwa ghali.

Unaweza kulithibitisha bila kitabu. Mchukue mtu aliyerithi ploti Githurai, hakuinunua hata kwa shilingi, na jirani yake aliyenunua ya kwake kwa milioni kadhaa. Vyumba vyao vikiwa sawa, kodi yao ni sawa. Aliyerithi hatozi nusu bei, na aliyenunua hawezi kutoza maradufu, kwa sababu mpangaji atavuka njia aende kwa jirani. Bei aliyolipa mwenye ardhi haimhusu mpangaji hata kidogo.

Basi mpangaji anafaidika nini na barabara?

Katika mfano wetu alipata manufaa ya 4,400 na akaongezewa kodi 2,000, kwa hiyo amebaki na 2,400. Mgawanyo huo hauwi sawa kila mahali. Unategemea barabara imefungua ardhi kiasi gani.

Barabara ndefu inayopita kwenye mashamba mengi huleta maelfu ya ploti sokoni kwa pamoja, na wenye ardhi wanalazimika kushindana wao kwa wao. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kati ya Ruiru na Thika, ambako mashamba makubwa ya kahawa yalianza kukatwa kuwa viwanja. Lakini barabara fupi inayoingia mtaa uliokwisha kujaa haileti ploti mpya, na karibu manufaa yote humezwa na kodi.

Hapa kahawa inastahili kuangaliwa kidogo. Shamba la kahawa nalo lina pango lake: mauzo ya kahawa baada ya kuondoa mbolea, dawa, wachumaji na kiwanda. Mwenye shamba hataliachia liwe viwanja mpaka pango la nyumba lizidi pango la kahawa pamoja na gharama za kung'oa mibuni, kupima, kubadilisha matumizi na kufungua njia za ndani. Ekari mbili zilizo jirani zinaweza kukaa hivi kwa miaka, moja ikiwa na magorofa na nyingine ikiwa na kahawa, kwa sababu ya njia ya kuingilia peke yake. Sera nazo zina sehemu yake. Kaunti ikichelewesha vibali vya kubadilisha matumizi, ploti zinapungua sokoni na mpangaji ndiye anayelipia uchache huo.

Bei huanza kupanda lini?

Huanza kabla ya trekta kufika, na hupanda kwa hatua. Kwanza ni fununu, kisha wapimaji wenye darubini, kisha tangazo katika gazeti rasmi la serikali, kisha mkandarasi anajenga kambi, kisha lami. Siku ya uzinduzi mara nyingi hakuna kinachopanda tena. Ile ya Thika ilizinduliwa na Rais Mwai Kibaki Novemba 2012, lakini aliyesubiri siku hiyo ndipo anunue alikuta bei imeshabeba barabara nzima.

Sababu ni kwamba mnunuzi hulipia mapato ya mbele. Turudi kwenye ploti yetu ya 480,000 ambayo itakuwa milioni 2.4 barabara ikifunguliwa baada ya miaka minne. Milioni 2.4 za miaka minne ijayo, kwa asilimia 10, zina thamani ya kama 1,639,000 leo. Ongeza pango dogo la 48,000 la miaka hiyo minne, ambalo kwa leo ni kama 152,000. Jumla ni takriban 1,790,000. Hiyo ndiyo bei ya haki ikiwa barabara ni hakika kabisa.

Lakini kama kuna nafasi nusu kwa nusu kwamba mradi utaahirishwa kusikojulikana, bei ya haki ni katikati ya 1,790,000 na 480,000, yaani takriban 1,135,000. Watu wengi huumia hapa. Wakala anauza kwa bei ya uhakika wakati kilichopo ni fununu. Mnunuzi akilipa 1,790,000 na mradi ukakwama, ameshika ploti ya 480,000. Muuzaji hakumwibia, alimuuzia uwezekano kwa bei ya kitu kilichokwisha kutokea.

Dalili zinazostahili kuhesabiwa ni zile zinazogharimu fedha: bajeti iliyopitishwa, mkopo uliotiwa saini, mkandarasi aliyelipwa malipo ya awali, fidia iliyoanza kufika kwa wenyewe. Ramani iliyochapishwa kwenye kipeperushi cha wakala haimo.

Je, kila ploti iliyo kando ya barabara hupanda?

La. Kinachopandisha bei ni uwezo wa kuingia na kutoka, na barabara kubwa ya kasi hairuhusu kila ploti kufungua lango. Kwenye barabara ya Thika magari ya mitaani hutumia njia za pembeni, na kuingia kwenye njia kuu hufanyika sehemu maalumu tu. Ploti iliyo mita 50 kutoka lami lakini inayomlazimu dereva kuzunguka kilomita tatu ili aingie iko mbali kuliko inavyoonekana kwenye ramani. Ploti iliyo mita 400 ndani, ila karibu na makutano na kituo cha matatu, inaweza kuishinda bei. Kwa anayetembea kwa miguu, kivuko cha juu ndicho kinachoamua: upande usio na kivuko hukatwa na kituo chake, na kodi yake hubaki chini.

Yapo pia mambo yanayoishusha ile iliyo mstari wa mbele kabisa: kelele za malori usiku, maji ya mvua yanayomwagwa na kalvati kuelekea kwenye ploti, na tuta la barabara linaloiacha ploti ikiwa shimoni. Kwa duka la vipuri au kituo cha mafuta kelele si kitu, kwa hiyo mstari wa mbele hupanda kwa biashara. Kwa nyumba za kuishi, mstari wa pili na wa tatu mara nyingi hulipa vizuri zaidi.

Kisha kuna hifadhi ya barabara. Nchini Tanzania, Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kupimwa kutoka katikati ya barabara. Waliokuwa kati ya mita 22.5 na 30 walijikuta ndani ya eneo wasiloweza kuendeleza, na wengi wanaijua alama ya X iliyopakwa ukutani. Ardhi iliyo ndani ya hifadhi haina pango la kununua, hata ikiwa imebusu lami.

Nitajuaje kwamba bei imepandishwa na barabara, si na mfumuko wa bei?

Tafuta ardhi inayofanana na ya kwako kwa kila kitu isipokuwa barabara. Iwe na hati ya aina moja, udongo unaojengeka, maji na umeme sawa, lakini iko mbali kiasi kwamba barabara haiigusi, kwa mfano kilomita 15 pembeni. Linganisha zote mbili kabla na baada.

Tuseme ile ya mbali imetoka 480,000 hadi 720,000 katika miaka hiyo hiyo, na ya kwako imefika milioni 2.4. Hizo 240,000 za kwanza ni za mfumuko wa bei na ongezeko la watu kwa jumla. Zinabaki 1,680,000 za kueleza, na hata hizo usizipe barabara zote mara moja. Juja kuna Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, na wanafunzi wanaokaa pale hawaendi Nairobi kila asubuhi. Vyumba vya jirani na chuo vingeongezeka bei kwa sababu yao hata bila lami mpya. Pia maji ya bomba hupenda kufuata barabara, na hayo nayo yana thamani yake.

Makosa mawili hufanyika sana katika ulinganisho huu. La kwanza ni kutumia bei zilizotangazwa badala ya bei zilizolipwa. Muuzaji kando ya barabara mpya huanzia juu sana na kushuka. La pili ni kulinganisha na eneo lililopoteza wateja kwa sababu ya barabara hiyo hiyo. Wapangaji wakihama kutoka mtaa wa zamani kwenda Ruiru, kodi za mtaa wa zamani hutulia, na ukizitumia kama kipimo utaipa barabara sifa kupita kiasi.

Serikali inaweza kurudisha sehemu ya thamani hiyo?

Inaweza, na tunaamini inapaswa, kwa sababu walipa ushuru waliogharimia barabara wengi wao hawana hata ploti moja kando yake. Suala ni njia gani inafanya kazi.

Njia ya kwanza ni kutoza wakati wa kuuza. Kenya ilirejesha ushuru wa faida ya mauzo ya mali Januari 2015 kwa asilimia 5, ukapandishwa hadi 15 kuanzia Januari 2023. Kwa ploti iliyonunuliwa 480,000 na kuuzwa milioni 2.4, faida ni 1,920,000 na ushuru ni 288,000, bila kuhesabu gharama zinazoruhusiwa kukatwa. Udhaifu wake ni kwamba asiyeuza halipi. Anayeona ploti inapanda kila mwaka ana sababu nyingine ya kuendelea kuishikilia ikiwa na magugu. Udhaifu wa pili ni wa kuandika bei ndogo kwenye mkataba. Mnunuzi anayekubali hilo ili kumsaidia muuzaji ajue kwamba anajibebesha mzigo: siku atakayouza yeye, bei yake ya kununulia itahesabiwa ndogo na faida yake itaonekana kubwa.

Njia ya pili ni ada ya kila mwaka juu ya thamani ya ardhi tupu, bila kuhesabu jengo. Ndiyo inayolifikia pango moja kwa moja, na Nairobi imeitumia kwa miongo mingi. Shida yake ni daftari la uthamini. Jiji lilitumia thamani za mwanzoni mwa miaka ya 1980 hadi ilipoandaliwa rasimu mpya ya 2019. Barabara, mitaa na magorofa yalijengwa, na daftari halikuona. Mwaka 2023 kilianza kutumika kiwango cha asilimia 0.115 ya thamani mpya. Kwa ploti ya milioni 2.4, kiwango hicho kingeleta shilingi 2,760 kwa mwaka, kutoka kwenye pango la 240,000.

Njia ya tatu ni mchango wa mara moja kutoka kwa wanaopakana na mradi. Kolombia imekuwa na sheria ya namna hiyo tangu 1921, na Bogota imejengea barabara nyingi kwa mchango huo. Inahitaji orodha kamili ya ploti na wenyewe, na mpango wa kulipa kwa awamu kwa mwenye ardhi asiye na fedha taslimu, kama mjane mwenye ekari moja ya mahindi ambayo thamani yake imepanda kwenye karatasi tu. Ukiukosa mpango huo, unamlazimisha auze.

Si mwenye nyumba atampitishia mpangaji ada ya ardhi?

Ada ya jengo anaweza kuipitisha polepole, kwa sababu ikizidi watu wataacha kujenga, vyumba vitapungua na kodi itapanda. Ada ya ardhi tupu ni vigumu. Haipunguzi hata futi moja ya ardhi, na mwenye ardhi tayari anatoza kodi ya juu kabisa ambayo soko linakubali. Angeweza kuongeza 1,000 bila chumba kubaki kitupu, angeshaiongeza mwezi uliopita. Ada hiyo hukata mapato yake, na kwa hiyo hushusha bei ambayo mnunuzi atakubali kulipa. Tena aliyeacha ploti bila kujenga hulipa sawa na aliyejenga, na hivyo huanza kufikiria kujenga au kuuza.

Tanzania ardhi ni mali ya umma. Mbona kando ya barabara bei hupanda vile vile?

Kwa sababu kinachonunuliwa ni haki ya kutumia mahali, na mahali pana pango hata hati ikisema nini. Umiliki wa kudumu ulifutwa Tanganyika mwaka 1963, na kwa muda mrefu msimamo rasmi ulikuwa kwamba ardhi tupu haina thamani. Kilichouzwa kisheria ni maendelezo, kama nyumba na mazao. Watu waliuza banda bovu kwa fedha nyingi, na kila mtu alijua kwamba banda si bidhaa. Sheria ya Ardhi ya 1999 ilikubali kwamba maslahi katika ardhi yana thamani na kwamba izingatiwe katika miamala na fidia.

Umma kuwa mmiliki hakuupi umma pango hilo moja kwa moja. Unalipata kupitia kodi ya ardhi ya kila mwaka anayolipa mwenye hati. Kodi hiyo ikiwa chini sana ya pango halisi, tofauti yote hukaa kwa mwenye hati, naye huiuza kwa mnunuzi anayefuata kama vile ardhi ingekuwa yake milele.

Ninataka kununua kando ya barabara inayojengwa. Nianzie wapi?

Anzia kwenye kodi za vyumba, usianze na bei za ploti. Uliza wapangaji watano au sita wa mtaa huo wanalipa kiasi gani sasa, na wa mtaa unaofanana nao ambao tayari una lami wanalipa kiasi gani. Ondoa gharama za jengo kama tulivyofanya hapo juu, gawanya kinachobaki kwa faida unayoihitaji, na punguza kwa miaka iliyobaki mpaka barabara ifunguliwe. Bei inayoombwa ikizidi hapo, muuzaji ameshajiwekea barabara yote mfukoni na wewe unabeba hatari peke yako.

Kisha fanya sachi ya hati, na ulipe mpima ardhi aliyesajiliwa aoneshe bikoni na umbali hadi mpaka wa hifadhi ya barabara, akitumia mchoro wa mwisho wa mradi kutoka kwa mamlaka ya barabara. Mchoro wa awali hautoshi, maana makutano na vivuko huhamishwa kati ya mchoro wa kwanza na wa mwisho. Muulize pia lango la ploti yako litafunguka kwenye njia gani, na maji ya mvua ya kalvati iliyo karibu yataelekea wapi.